Nyota yangu imeitwa Rakshasa: je, sifuri ya gana inatosha kuvunja uchumba?

*"Mimi ni mzaliwa wa Mwanza. Mchumba wangu ni Mhindu wa Kigujarati, amezaliwa Dar es Salaam. Mama yake alitaka nyota zetu zipimwe kabla ya posa. Nilizaliwa saa nane usiku, nikajaza 08:00 kwenye programu ya simu, ikatoa majibu: mimi ni Jyeshta pada ya kwanza, Rakshasa, yeye ni Purva Falguni, Manushya. Jumla ni 23 na nusu kati ya 36, ila gana ni sifuri. Tangu siku hiyo mama mkwe amenibadilikia, na shangazi yao amesema mke Rakshasa humla mume Manushya. Je, mimi nina pepo? Na hii sifuri inafutika, au tuachane mapema?"*

Huna pepo, dada, na mnajimu wa Kihindi anayeijua kazi yake hawezi kukuambia hivyo. Kilichoitwa Rakshasa ni gana, yaani kundi ambamo nyota yako imewekwa. Nitakueleza kundi hilo limetoka wapi, kisha tuihukumu sifuri yenu kwa kanuni zilezile zilizoitoa. Lakini kuna jambo kuhusu saa uliyojaza ambalo linaweza kugeuza hesabu yote, na nitalifikia baada ya hapo.

Wanajimu wa Kihindi huigawa njia ya Mwezi angani katika vituo 27 vinavyoitwa nakshatra. Kila kimoja kina upana wa digrii 13 na dakika 20, na Mwezi hukimaliza kwa takriban siku moja. Wanaojua falaki ya pwani wataikumbuka hesabu ya manazili 28 za mwezi. Hizi ni jamaa zake. Kituo alichokuwemo Mwezi ulipozaliwa ndicho nyota yako. Huchaguliwa Mwezi, wala si Jua, kwa sababu katika elimu hii Mwezi husimamia namna nafsi inavyohisi na kujibu kabla akili haijapima. Mtu akikukanyaga mguu sokoni, lile neno la kwanza linalokutoka ndilo gana inadai kulieleza.

Vituo hivyo 27 vimegawanywa mafungu matatu ya tisa tisa. Deva ni fungu la miungu: watu wa huku husemwa kuwa wapole, wepesi wa kusamehe, wasiopenda ugomvi, na pengine wasiosema kinachowauma. Manushya ni la binadamu: mchanganyiko wa wema na tamaa, watu wa kujali familia, mali na heshima. Rakshasa ni la majitu makali ya hadithi za kale: husemwa kuwa na msimamo mgumu, kusema jambo walivyoliona, kunusa hatari mapema na kutokubali kuonewa. Fungu hili la tatu lina Kritika, Ashlesha, Magha, Chitra, Vishakha, Jyeshta, Mula, Dhanishta na Shatabhisha.

Tazama sasa ni nani wanaosimamia nyota hizo, maana kila nakshatra ina mungu wake. Jyeshta, iliyoandikwa kwenye simu yako, inasimamiwa na Indra, mfalme wa miungu. Magha ni ya roho za mababu. Kritika, ambayo ndiyo Kilimia ya wakulima wetu, ni ya Agni, moto mtakatifu, na ni moto huohuo ambao bwana na bibi harusi wa Kihindu huuzunguka ili uwe shahidi wa ndoa yao. Ingekuwa Rakshasa maana yake ni uovu, moto huo usingekaribishwa arusini. Sikufichi kwamba zipo za kutisha: Mula ni ya Nirriti, mungu wa kike wa maangamizi. Lakini kundi zima halikuundwa kwa ubaya wa wasimamizi wake.

Kuna mgawanyo mwingine unaotumika kuchagua siku za shughuli, unaopanga nyota kwa upole na ukali. Huko Chitra, ambayo ni Rakshasa, imewekwa kati ya nyota pole. Jyeshta yako imo kati ya zile zinazokata. Na Purva Falguni ya mchumba wako, ambayo kwa gana ni ya binadamu wa kawaida, imo katika fungu la nyota kali. Mama mkwe akisikia kwamba ukali umeandikwa pande zote mbili, huenda akakutazama kwa jicho jingine.

Turudi kwenye alama. Upimaji mliofanyiwa una vipengele vinane, kila kimoja huitwa kuta. Cha kwanza kina alama 1, cha pili 2, na kuendelea hivyo hadi cha nane chenye 8, jumla 36. Gana ni cha sita, kwa hiyo ina alama 6. Wenye gana moja hupewa zote 6, hata kama wote wawili ni Rakshasa. Deva na Manushya hupata 5 au 6, kutegemea nani ni mume na jedwali gani limetumika. Deva na Rakshasa hupata 1 au sifuri. Manushya na Rakshasa, kama ninyi, kwa kawaida ni sifuri.

Majedwali hayakubaliani kwa sababu mengi hayamhukumu mume na mke sawasawa. Katika mapokeo ya kusini mwa India, ambako hupimwa vipengele kumi, mume Rakshasa mwenye mke wa gana nyingine mara nyingi hukubaliwa, huku mke Rakshasa akikataliwa. Mimi naona wazi kilicho nyuma ya tofauti hiyo: bibi harusi alihamia nyumba ya wakwe na alitarajiwa kunyamaza, na gana inayosema kwamba hatanyamaza ilionekana kuwa hatari kwa nyumba. Ile ilikuwa hofu ya wakwe kuhusu mkamwana mwenye sauti. Kama wewe na mchumba wako mtaishi kwenu, na amekupenda ukiwa na sauti yako, uzito wa sehemu hiyo ya hukumu umepungua sana.

Maneno ya shangazi yana asili yake. Kitabu cha Muhurta Chintamani, kilichoandikwa na Rama Daivajna huko Kashi mwaka 1600, kina ubeti mfupi unaosema kwamba gana moja huleta mapenzi makubwa, Deva na Manushya mapenzi ya kati, Deva na Rakshasa uadui, na Manushya na Rakshasa kifo. Ubeti huo umekaririwa karne nyingi, na ndio uliofika masikioni mwako kwa sura ya "humla mume".

Upime kwa hesabu ndogo. Nyota tisa kati ya 27 ni Rakshasa, yaani theluthi ya watu wote waliozaliwa. Watu wakioana bila kutazama nyota kabisa, kati ya ndoa tisa, nne kwa wastani zitakuwa za Rakshasa na asiye Rakshasa, na mbili kati ya hizo nne zitakuwa za Manushya na Rakshasa kama yenu. Ingekuwa hiyo ni hukumu ya kifo, wajane wangejaa kila mtaa wa kila nchi isiyopima nyota. Na hakuna utafiti ulioonyesha kwamba gana hutabiri nani atafiwa au nani ataachana. Ninaifanya kazi hii na ninaipenda, lakini kuitumia kumtangazia mtu kifo ni kuikosea.

Zaidi ya hayo, kitabu hichohicho kina kanuni ambayo shangazi hakuikariri: iwapo watawala wa buruji za Mwezi za wachumba ni marafiki, kasoro ya gana haihesabiwi. Hii ndiyo kanuni ya kwanza ambayo mnajimu anapaswa kuitazama akiona sifuri ya gana, na programu za simu aghalabu hazigusi hapo. Hutoa sifuri na kunyamaza.

Tuipime kwenu kwa majibu mliyopewa. Jyeshta imo ndani ya buruji ya Nge, inayotawaliwa na Mirihi. Purva Falguni imo ndani ya Simba, inayotawaliwa na Jua. Jua na Mirihi ni marafiki kwa pande zote mbili, ndiyo maana kipengele cha tano, urafiki wa sayari, kimewapa alama 5 kamili. Kipengele cha saba hutazama umbali kati ya buruji hizo. Kutoka Simba hadi Nge ni hatua ya nne, na kurudi ni ya kumi, umbali unaokubaliwa, kwa hiyo 7 kamili. Cha nane, nadi, kinachozigawa nyota mafungu mengine matatu, la kwanza, la kati na la mwisho, kimewapa 8 zote. Hapo mna 20. Vipengele vinne vidogo vimeleta 3 na nusu, gana sifuri, ndiyo hiyo 23 na nusu. Kiwango cha chini kinachokubaliwa kwa kawaida ni 18.

Kusini wana msamaha mwingine: mke Rakshasa hukubaliwa iwapo nyota ya mume iko mbali, kupita ya kumi na nne, ukihesabu kuanzia nyota ya mke. Kutoka Jyeshta hadi Purva Falguni ni ya 21. Kwa hiyo hata wale wakali zaidi wana mlango wa kuwapitisha. Kama majibu hayo ni sahihi, sifuri yenu ni ya kuandikwa na kusamehewa. Sioni sababu ya kuvunja uchumba.

Sasa saa. Umesema ulizaliwa saa nane usiku, ukajaza 08:00. Programu hizo husoma saa kuanzia usiku wa manane, kwa hiyo 08:00 kwao ni saa mbili asubuhi. Saa nane usiku yetu ni 02:00. Umejisogeza mbele kwa saa sita. Kosa hili ni la kawaida mno kwetu sisi tunaohesabu saa kuanzia macheo, na kwa Mwezi si dogo: Mwezi husogea karibu nusu digrii kila saa, kwa hiyo saa sita ni digrii tatu na kidogo, takriban robo nzima ya nakshatra. Robo hiyo ndiyo pada.

Wewe umetolewa pada ya kwanza ya Jyeshta, yaani Mwezi ulikuwa umevuka mpaka muda si mrefu. Ukirudisha saa sita nyuma, karibu hakika unatoka Jyeshta na kuingia pada ya nne ya nyota inayoitangulia, Anuradha. Na Anuradha ni Deva. Yaani yale maneno yote uliyobeba tangu siku ile yametoka kwenye saa iliyosomwa vibaya.

Lakini usikimbilie kwa mama mkwe na habari hiyo kabla hujasikia upande wa pili. Anuradha pia imo ndani ya Nge, kwa hiyo urafiki wa sayari na umbali wa buruji vinabaki vilevile, 5 na 7. Gana inapanda kutoka sifuri hadi 5, kwa kuwa sasa ni mume Manushya na mke Deva. Nadi ndiyo inayoanguka. Jyeshta ilikuwa nadi ya kwanza, na Purva Falguni ni nadi ya kati. Zikitofautiana, alama ni 8. Anuradha nayo ni ya kati. Zikilingana, ni sifuri. Jumla yenu inashuka hadi 20 na nusu, bado juu ya 18, ila wanajimu wengi huogopa sifuri ya nadi kuliko ya gana.

Nakueleza yote hayo kwa sababu najua kishawishi kilichopo: kuchagua saa inayotoa picha nzuri zaidi. Ukiacha 08:00 una nadi nzuri na gana mbaya. Ukiweka 02:00 unapata kinyume. Usichague. Tafuta saa ya kweli. Tazama kadi ya kliniki ya mama yako au tangazo la kizazi, muulize mama au bibi aliyekuwapo. Hakikisha pia tarehe. Usiku wa kuamkia Jumapili, kwa mzazi mmoja ni Jumamosi, na kwa hospitali ni Jumapili tangu usiku wa manane. Kosa la tarehe ni saa 24, nakshatra nzima. Na angalia kwamba programu imeweka majira ya Tanzania, saa tatu mbele ya majira ya dunia. Nyingine hukupa majira ya India bila kukuuliza, nayo yanakukosesha saa mbili na nusu.

Ikithibitika kwamba ni 02:00, suala la Rakshasa limekwisha, na mazungumzo na wakwe yatahamia kwenye nadi. Nadi ina misamaha yake inayohitaji kutazama pada zenu na ramani nzima ya anga ya kuzaliwa kwenu, kwa hiyo sitaikata hapa. Ila watu wengi huieleza kuwa ni habari ya damu na afya ya watoto, na hapo nina ushauri ambao ningempa hata mwenye 36 kamili: nendeni hospitali mkapime damu. Kanda ya Ziwa, unakotoka, ni miongoni mwa sehemu za Tanzania zenye selimundu kwa wingi. Upande wa Wagujarati, hasa Walohana, wabebaji wa thalasemia, ugonjwa mwingine wa damu wa kurithi, si wachache. Mbebaji wa selimundu na mbebaji wa thalasemia ya beta wote huwa wazima wasijue lolote, lakini wakioana, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya mtoto kurithi zote mbili na kuugua. Kipimo cha aina za hemoglobini ndicho kitakachowajibu, na nadi haiwezi kuchukua nafasi yake.

Baada ya hapo mnahitaji mtu wa kukaa naye ana kwa ana. Kwa upande wa nyota, nendeni wote wawili, pamoja na mama mkwe akikubali, kwa maharaj, kuhani wa hekalu, ambaye familia inamwamini. Mbebeeni tarehe, saa iliyothibitishwa na mahali pa kuzaliwa kwa kila mmoja, wala si picha ya matokeo ya simu. Mwombeni afungue ramani kamili zote mbili, kwa sababu alama 36 hutoka kwenye Mwezi peke yake. Nyumba ya saba, ambayo ndiyo ya ndoa, haimo, wala Mirihi alipokaa.

Akiona kasoro, mwulizeni kanuni inayoifuta ni ipi na kwa nini inafaa au haifai kwenu. Mjuzi atawajibu kwa utulivu na kuonyesha kwa kidole. Akianza na kifo, kisha akataja ibada ya fedha nyingi inayopaswa kufanywa wiki hiyohiyo, ondokeni. Sala au sadaka ya kiasi haina ubaya kama inaituliza familia, lakini hofu isiwe ndiyo ankara.

Kwa upande wa mama mkwe, usiwe wewe wa kwanza kumweleza. Mchumba wako ndiye mtoto wake. Aende yeye, akiwa na saa sahihi mkononi, amwambie kwamba hesabu ya kwanza ilijazwa vibaya na kwamba mtaipima upya mbele yake. Kama ana mjomba au mshenga anayesikilizwa nyumbani, afuatane naye. Na sikiliza anavyokutetea. Kama hata gana ikisafishwa bado kuna anayekuita pepo ndani ya nyumba ile, na mchumba wako ananyamaza, hilo lizungumzeni na wazee wa pande zote mbili au mshauri wa ndoa kabla ya kupanga tarehe ya harusi, kwa sababu tatizo hilo halitakuwa la nyota tena.

Niandikie ukishapata saa kwenye kadi. Ikiwa ni kati ya saa nane na saa tisa usiku, nitumie pia pada ya mchumba wako, kwa kuwa mjadala wa nadi unaanzia hapo.